Simu za zamani zinaingia, wageni wapya wanakataliwa: kukagua akiba ya anwani na muda wa azima kwenye wifi yenye watu wengi

Swali hili huniijia karibu kila wiki, kutoka Ibanda, Kadutu, hata Goma ng'ambo ya ziwa: "Yaya, wifi yetu inafanya kazi kwa wafanyakazi wote, ila wageni wanaofika leo hawaingii. Neno la siri ni lile lile. Tumezima ruta na kuiwasha, ikapona kidogo, kesho imerudi vile vile." Nimejibu kwa simu na kwa ujumbe wa sauti hadi nimechoka kurudia. Basi naandika hapa hatua zote, kwa wewe unayetunza wifi ya gesti hausi, mgahawa, ukumbi wa semina au shule, nawe hukusomea mitandao.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Kila simu inayoingia kwenye wifi huomba anwani kwa ruta. Ruta ina akiba ya anwani zenye hesabu, na kila anwani inaiazimisha kwa muda maalumu. Simu ikibaki pale, muda ukifika nusu inaomba kuongezewa, na ruta inaiongezea anwani ile ile. Ndiyo maana vyombo vya zamani haviguswi na tatizo hili. Simu ikiondoka, kwa kawaida haiagi. Mgeni anatoka mlangoni na simu mfukoni, na ruta inaendelea kumshikia anwani yake mpaka muda uishe. Muda ukiwa mrefu na watu wanaopita ni wengi, anwani zote zitakuwa zimeshikwa na watu waliokwisha kurudi kwao, na mgeni mpya hatakuta kitu.

Nitatumia ruta ya MikroTik kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoikuta katika sehemu nyingi za hapa Bukavu zenye wageni wengi. Mwenye ruta ndogo ya nyumbani nimemwekea sehemu yake baada ya hatua.

Andaa vitu hivi kwanza

Kompyuta yenye Winbox, programu ya kuendeshea ruta za MikroTik, na kebo ya mtandao ya kuichomeka moja kwa moja kwenye ruta. Usitegemee wifi kwa kazi hii. Tatizo lenyewe ni kwamba wifi haitoi anwani, na kompyuta yako ni mgeni kama wengine. Winbox ina uzuri mmoja: ukifungua sehemu ya `Neighbors` utaiona ruta hata kama kompyuta yako haina anwani yoyote. Bonyeza kwenye safu ya `MAC Address`, siyo ile ya IP, kisha ingia.

Jina na neno la siri la msimamizi wa ruta. Siyo neno la siri la wifi. Watu wengi huchanganya haya mawili.

Simu moja inayokataliwa, mkononi mwako. Mwombe mgeni akuazime dakika tano, au tumia simu ambayo haijawahi kuingia kwenye wifi hiyo. Simu yako mwenyewe haifai ikiwa huingia hapo kila siku, maana yawezekana bado ina anwani yake ya zamani.

Karatasi na kalamu. Utaandika namba nne, na ukizitegemea kichwani utazichanganya.

Hatua ya 1. Tazama simu imekwama wapi

Jaribu kuingia kwenye wifi huku ukitazama maandishi chini ya jina la mtandao. Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo utaona `Obtention de l'adresse IP…` ikikaa hapo sekunde nyingi, kisha inaacha na kuanza upya. Kwenye iPhone au kompyuta ya Windows, fungua maelezo ya mtandao utazame anwani. Ikianza na `169.254`, chombo hicho hakikupewa anwani na ruta, kimejitungia chenyewe.

Dalili hiyo ikiwepo, endelea. Ikiwa simu inasema neno la siri si sahihi, au inakataliwa kabla ya kufika kwenye kuomba anwani, huo ni ugonjwa mwingine. Ikiwa imepata anwani ya kawaida ya mtandao wenu lakini hakuna intaneti, huo pia ni mwingine. Kaangalie forfe yenu au laini ya mtoa huduma.

Hatua ya 2. Ipe simu anwani kwa mkono

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayokuokolea saa nzima. Kwenye mipangilio ya wifi ya simu ile, acha njia ya `DHCP`, yaani ile ya kupewa anwani na ruta, uchague `Statique`. Weka anwani iliyo nje ya akiba ya ruta. Kwa mtandao wa `192.168.88.0` ambao akiba yake inaanzia 10, mimi huweka `192.168.88.5`, njia ya kutokea `192.168.88.1`, urefu 24, na DNS `8.8.8.8`. Kabla ya kuiweka, hakikisha hakuna chombo kinachoitumia: fungua `Terminal` ndani ya Winbox uandike

```
/ping 192.168.88.5 count=4
```

Isipojibu na hakuna aliyeiandika kama ya printa au kamera, itumie. Simu ikiingia na kufungua kurasa, basi mawimbi ni mazima, neno la siri ni zima, intaneti ni nzima. Kilichobaki ni ugawaji wa anwani peke yake.

Onyo: ukimaliza jaribio, irudishe simu ya mgeni kwenye `DHCP`. Ukisahau, utamwacha na simu isiyoingia kwenye wifi hiyo siku nyingine mkibadilisha mtandao, naye hatajua kwa nini.

Hatua ya 3. Hesabu akiba, hesabu zilizoazimwa, hesabu waliopo

Hapa ndipo ukweli ulipo. Weka nakala ya mipangilio kwanza, kisha soma:

```
/export file=kabla-ya-kazi
/ip pool print
/ip dhcp-server print
/ip dhcp-server lease print count-only
```

Mstari wa pili unakuonyesha akiba, kwa mfano `192.168.88.10-192.168.88.254`. Hesabu yake ni namba ya mwisho kutoa ya kwanza, ongeza moja: 254 kutoa 10 ni 244, ongeza 1 ni 245. Andika 245. Mstari wa tatu una safu ya `lease-time`, yaani muda wa azima. Uandike kama ulivyo, `10m`, `1h`, `3d` au vinginevyo. Mstari wa nne unakupa idadi ya azima zilizopo sasa. Iandike pia.

Namba ya nne ni ya vyombo vilivyounganishwa kweli kweli dakika hii. Ikiwa ruta yenyewe ndiyo inayotoa wifi:

```
/interface wireless registration-table print count-only
```

Kwenye ruta mpya zinazotumia mfumo wa `wifi` badala ya `wireless`, badilisha neno hilo katika amri. Ikiwa mnatumia antena za pembeni, fungua ukurasa wa kila antena, soma idadi ya vyombo vyake, ujumlishe, kisha ongeza vilivyo kwenye kebo.

Sasa linganisha. Azima zikiwa zimefika ukomo wa akiba, na waliopo kweli ni wachache kuliko hapo, anwani zimeshikwa na watu waliokwisha ondoka. Dawa yake ni muda wa azima. Azima zikiwa zimefika ukomo na waliopo nao wanakaribia idadi hiyo hiyo, basi akiba yenyewe ni ndogo kwa watu wenu, na kufupisha muda hakutasaidia sana. Utakwenda hatua ya 7. Azima zikiwa chache na akiba ina nafasi, acha kabisa mambo ya akiba uende kwenye sehemu ya matatizo chini.

Ukitaka ushahidi wa maandishi, soma daftari la matukio la ruta:

```
/log print where topics~"dhcp"
```

Utafute mstari unaosema `failed to give out IP address` na mwishoni `is empty`. Huo ni ruta yenyewe ikikiri kwamba akiba imekwisha.

Mfano: ukumbi wa semina, Jumatano saa nane mchana

Nakuonyesha jinsi hesabu hizi zinavyosema, kwa kazi niliyoifanya kwenye gesti hausi moja karibu na ziwa, hapa Bukavu. Ilikuwa na semina ya wiki nzima, kila siku kundi jipya la watu kama 85. Vyombo vya kudumu vya nyumba vilikuwa 22: kompyuta za mapokezi, televisheni, kamera, simu za wafanyakazi. Akiba ilikuwa 245 na muda wa azima `3d`, siku tatu.

Jumatatu ikapita vizuri. Jumanne ikapita vizuri. Jumatano saa nane mchana mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, njoo haraka, wageni wananiambia nimewauzia wifi ya uongo." Nilipofika, kijana wa mapokezi alikuwa ameshazima ruta mara tatu na alikuwa anataka kubadilisha neno la siri.

Tazama hesabu. Vya kudumu 22, ongeza 85 za Jumatatu, ongeza 85 za Jumanne, ni 192. Zilibaki 53 kwa Jumatano. Watu 53 wa kwanza waliofika asubuhi wakaingia, wa 54 na waliomfuata wakakwama, jumla 32. Ruta ilisoma azima 245 juu ya akiba ya 245. Waliounganishwa kweli walikuwa 68. Yaani anwani 177 zilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa pale. Wengi wao walikuwa wamelala kwao usiku mmoja au miwili.

Na kuna jambo moja linalowadanganya watu wengi. Tungeacha bila kugusa kitu, Alhamisi asubuhi azima za Jumatatu zingeanza kuisha moja moja, wageni wangeingia, na kila mtu angesema imepona. Kisha ingerudi. Ukisikia tatizo la wifi linalokuja mchana na kuondoka asubuhi, au linalokuja kila siku ya tatu, uliza muda wa azima kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Hatua ya 4. Chagua muda unaofaa watu wako

Kanuni ninayotumia ni rahisi: vyombo vya kudumu, ongeza wageni wapya wanaofika ndani ya kipindi kimoja cha azima pamoja na muda wanaokaa. Jumla hiyo ibaki chini ya robo tatu ya akiba, ili siku ya arusi au ya mkutano mkubwa isikuvunje.

Kwa mgahawa au ukumbi ambako watu hukaa saa moja au tatu, mimi huweka saa moja au mbili. Kwa gesti hausi ambayo wifi yake ni ya vyumba tu, saa nane hadi kumi na mbili inatosha. Siku nzima nawaachia ofisi zenye watu wale wale.

Kumbuka kwamba simu huongezewa muda ikifika nusu. Kwa hiyo kwa azima ya saa mbili, mgeni akiondoka, anwani yake hurudi baada ya muda kati ya saa moja na saa mbili, ikitegemea aliongezewa lini mara ya mwisho.

Onyo: usikimbilie dakika mbili au tano ukidhani fupi zaidi ndiyo bora. Kwa azima ya dakika tano kila simu inaomba tena kila baada ya dakika mbili na nusu. Ukumbi ukijaa na hewa ikijaa mawimbi, maombi mengine yanapotea njiani, na mgeni anapoteza anwani katikati ya simu ya WhatsApp. Nimeona mtu akigeuza tatizo la wageni 30 kuwa tatizo la wote.

Hatua ya 5. Badilisha muda

Tazama jina la seva kwenye matokeo ya `/ip dhcp-server print`. Kama ni `dhcp1`:

```
/ip dhcp-server set [find name="dhcp1"] lease-time=2h
```

Ikiwa kuna seva zaidi ya moja, kwa mfano moja ya wafanyakazi na moja ya wageni, badilisha ya wageni tu.

Hatua ya 6. Ondoa azima zilizokufa, na hizo tu

Hapa wengi huvunjika moyo: wamebadilisha muda, mgeni bado hapati. Sababu ni kwamba muda mpya unahusu azima zitakazotolewa au kuongezwa kuanzia sasa. Zile zilizotolewa jana kwa siku tatu zinaendelea na siku zao tatu. Ni lazima uzifute mwenyewe, au usubiri.

Jaribu la kwanza la kila mtu ni kufuta zote. Usifanye hivyo wakati watu wapo. Simu iliyo kazini haijui kwamba umeifuta, inaendelea kutumia anwani yake, na ruta inaweza kuanza kumpa mtu mwingine anwani hiyo hiyo. Hapo utapata watu wawili wenye anwani moja, wote intaneti yao inakatika na kurudi, na hakuna atakayeelewa.

Namna salama ni hii. Kila azima ina `last-seen`, yaani ni muda gani umepita tangu chombo hicho kiongee na ruta kuhusu anwani. Angalia vizuri: haihesabu kutazama video wala kutuma ujumbe, inahesabu maombi ya anwani tu. Kwa azima ya siku tatu, simu iliyopo huomba kuongezewa baada ya siku moja na nusu. Kwa hiyo iliyopitisha saa 36 bila kuomba ilikosa zamu yake. Karibu hakika haipo. Iliyo chini ya saa 36 huwezi kuijua, iache. Kanuni ni nusu ya muda wa zamani, wowote ule uliokuwa.

Kabla ya kufuta, tazama orodha:

```
/ip dhcp-server lease print where dynamic last-seen>1d12h
```

Pitia majina kwenye `host-name`. Ukiona printa au kamera ya nyumba, ifanye ya kudumu kwanza kwa kubonyeza azima yake katika Winbox na kuchagua `Make Static`. Kisha futa:

```
/ip dhcp-server lease remove [find where dynamic last-seen>1d12h]
```

Kwenye semina ile, amri hii iliondoa azima 85, zote za Jumatatu. Azima zikashuka hadi 160. Nikamwambia kijana wa mapokezi apite ukumbini, awaombe waliokwama wazime wifi na kuiwasha. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekaa mstari wa nyuma. Nilikuwa nimeacha orodha ya azima wazi kwenye skrini, nikaona mstari mpya ukitokea, `offered`, kisha `bound`, na papo hapo simu yake ikaanza kulia kwa ujumbe wa asubuhi nzima. Dakika kumi baadaye wote 32 walikuwa ndani, azima 192.

Kesho yake, Alhamisi, mwenye nyumba akanipigia tena kwa wasiwasi kwa sababu alimwona kijana akisoma 221. Hiyo ilikuwa sawa. Ndani yake zilikuwamo 85 za Jumanne na 53 za Jumatano asubuhi, ambazo zilitolewa kwa muda wa zamani na zilikuwa bado hazijaisha. Zilizobaki zilikuwa 22 za nyumba na 61 za waliokuwapo. Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, ukumbi ukiwa umejaa kama kawaida, hesabu ilisoma 104.

Basi ukikagua kesho usitegemee namba ishuke usiku mmoja. Ipe muda sawa na azima ya zamani, kisha hesabu saa ile ile ambayo tatizo lilikuwa linatokea.

Hatua ya 7. Panua akiba, ikiwa hesabu inakulazimisha

Fanya hivi tu kama hatua ya 3 ilikuonyesha kwamba waliopo kweli wanakaribia akiba yote, au kama kanuni ya hatua ya 4 inapita robo tatu hata kwa saa moja.

Kwanza tazama kama akiba haijakatwa bila sababu. Nimekuta ruta zenye `192.168.88.100-192.168.88.150`, anwani 51 tu, kwa mgahawa wenye viti 80. Hapo unarefusha akiba ndani ya mtandao ule ule, basi:

```
/ip pool set [find name="dhcp_pool1"] ranges=192.168.88.10-192.168.88.254
```

Ikiwa tayari una 245 na hazitoshi, panua mtandao wenyewe kutoka urefu 24 kwenda 23. Hakikisha kwanza kwamba `192.168.89.0` haitumiki mahali pengine ndani ya nyumba. Fanya `print` kwenye `/ip address` na `/ip dhcp-server network`, uone namba ya mstari unaohusika. Hapa nachukulia kwamba ni 0 kwa zote mbili:

```
/ip address set 0 address=192.168.88.1/23
/ip dhcp-server network set 0 address=192.168.88.0/23
/ip pool set [find name="dhcp_pool1"] ranges=192.168.88.10-192.168.89.254
```

Sasa una anwani 501. Fanya kazi hii usiku au asubuhi na mapema, ukiwa umeingia kwa `MAC`, maana ukikosea mstari wa kwanza ukiwa umeingia kwa IP utajifungia nje. Vyombo vilivyowekwa anwani kwa mkono, hasa printa, vibadilishie kinyago kutoka `255.255.255.0` kuwa `255.255.254.0`, la sivyo kompyuta iliyopata anwani ya 89 haitaweza kuchapisha. Na kama kuna sheria za ulinzi zilizoandikwa kwa `192.168.88.0/24`, zirekebishe nazo.

Kwa wenye ruta ndogo ya nyumbani

Hatua ni zile zile, menyu tu ndiyo tofauti. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta `DHCP`. Utakuta `Start IP Address`, `End IP Address` na `Address Lease Time`, ambao kwenye TP-Link nyingi huandikwa kwa dakika. Akiba ya `192.168.0.100` hadi `192.168.0.199` ni anwani 100, na kwa mgahawa wenye watu wanaoingia na kutoka siku nzima inaisha upesi ikiwa mtu aliandika 1440, yaani siku nzima. Weka 60 au 120, na uanzishe akiba kwenye `192.168.0.10`. Usiiguse `192.168.0.1` kama ndiyo anwani ya ruta yenyewe. Orodha ya azima huitwa `DHCP Client List`.

Ruta nyingi za aina hii husahau orodha yote zikizimwa. Ndiyo sababu kuzima na kuwasha, au umeme kukatika, kunaonekana kama dawa: ruta inaamka ikidhani haijaazimisha chochote. Lakini simu zilizokuwa na anwani bado zinazo, na ugomvi wa anwani mbili unaanza hapo. MikroTik huandika azima kwenye kumbukumbu yake kila baada ya muda mfupi, ndiyo maana kijana wa mapokezi alizima mara tatu bila faida.

Ikiwa bado wageni hawapati

*Akiba ina nafasi, lakini daftari linaandika `offering lease` na mwishoni `without success`.* Ruta imetoa anwani, simu haikujibu. Msogeze mgeni karibu na antena ujaribu tena. Ikipona, tatizo ni mawimbi dhaifu. Isipopona, angalia kama antena ile inapitisha vizuri maombi hadi kwenye ruta. Kuongeza akiba hapa ni kupoteza siku.

*Simu inapata anwani, lakini ya mtandao usioujua, kwa mfano `192.168.1.x` wakati wenu ni 88.* Mtu amechomeka ruta ya pili mahali fulani, na inagawa anwani zake. Tembea na kebo chumba kwa chumba. Mara nyingi utaikuta imechomekwa na mfanyakazi aliyetaka wifi ya karibu. Izime `DHCP` yake au uitoe.

*Azima ni chache, lakini ruta inasema akiba imekwisha.* Andika `/ip pool used print` utazame nani ameshika anwani. Kama mnatumia ukurasa wa kuingilia wa `hotspot`, na umeelekezwa kwenye akiba ile ile ya `DHCP`, nao unachukua anwani kwa kila mgeni. Uondoe huko:

```
/ip hotspot set [find] address-pool=none
```

*Akiba hujaa tena baada ya wiki chache ingawa muda ni saa mbili.* Tazama azima zisizo na alama ya `D` pembeni. Mtu amekuwa akibonyeza `Make Static` kwa kila mgeni anayelalamika, na kila mmoja amefungiwa anwani milele. Futa za wageni, acha za nyumba.

*Vyombo vingi kuliko watu.* Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya `MAC`, yaani kitambulisho ambacho ruta hujulia chombo, ya bandia kwa kila jina la wifi. Kama mna majina mawili, moja la ukumbi na moja la bustani, yakitumia akiba moja, simu moja inayozunguka huhesabiwa mara mbili. Yape jina moja na neno la siri moja, na simu itahama yenyewe ikiwa na anwani ile ile.

*Wafanyakazi nao wameanza kukosa.* Wametoka likizo au walizima kompyuta muda mrefu kuliko azima, wakarudi wakakuta wageni wamejaza. Watengenezee jina lao la wifi lenye akiba yake, ili mapokezi wasigombanie anwani na ukumbi.